Kdr au vimeng'enya? Kupima usugu wa mbu wa Moshi kabla ya kuchagua neti

Mashamba ya mpunga ya Chekereni na Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, hukaa na maji sehemu kubwa ya mwaka, na mbu wa malaria anayetawala humo ni Anopheles arabiensis. Permethrini, moja ya dawa za kwenye neti, haimuui tena kama zamani, na juu ya hilo hakuna ubishi. Anayebaki na kazi ni mratibu wa malaria wa wilaya, au mtu wa shirika dogo mwenye fedha za neti za kata mbili tatu, kwa sababu inabidi ajue mbu huyu amekuwa sugu kwa njia ipi. Neti za siku hizi hazifanani. Ile inayofaa sana dhidi ya usugu wa aina moja inaweza isiongeze kitu mbele ya usugu wa aina nyingine, na bei yake ikawa imepanda bure.

Njia nitakazolinganisha ni mbili: mabadiliko ya jeni yanayoitwa kdr, na vimeng'enya vinavyovunja sumu. Zipo nyingine, kama mbu kuwa na ngozi nene au kung'ata mapema nje ya nyumba, na nitazigusa pale zinapotibua hesabu.

Kdr: sumu inafika, haishiki

Dawa iliyomo kwenye karibu kila neti ni ya kundi la pairethroidi, permethrini ikiwemo, sumu za kiwandani zilizoigwa kutoka kwenye maua ya pareto. Inafanya kazi kwenye neva. Kila neva ya mbu ina mifereji ya sodiamu, ambayo ni protini zinazofunguka na kujifunga ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde ili ujumbe upite. Pairethroidi hujibana kwenye mfereji na kuuzuia usijifunge. Neva inaendelea kupiga bila kupumzika, mbu anatetemeka, miguu inamlegea, anaanguka chali. Kwenye dawa nzuri na mbu dhaifu, yaani asiye na usugu, utaona hayo ndani ya dakika chache tu, bomba zima la majaribio likiwa limetapakaa mbu sakafuni.

Mbu mwenye kdr haanguki, au anachelewa sana. Protini ile ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na kwenye nafasi ya 1014 kunatakiwa kuwe na lusini. Herufi moja ya jeni ikibadilika, TTA ikawa TTT, lusini inageuka fenilalanini. Hiyo ndiyo L1014F, iliyoonekana kwanza Afrika Magharibi. TTA ikiwa TCA inakuja serini, yaani L1014S, iliyoonekana kwanza magharibi mwa Kenya. Sasa hivi huwezi kutegemea jiografia hiyo, zote mbili zimesambaa. Kitu kingine kinachochanganya watu wanaposoma ripoti: namba 1014 ilihesabiwa kwa inzi wa nyumbani, na kwa Anopheles nafasi ileile ni ya 995. Ripoti inayosema L995F na ile inayosema L1014F zinazungumzia kitu kimoja.

Mambo mawili ya kdr yana uzito kwa anayetaka kuchagua. La kwanza ni kwamba DDT nayo hushambulia mfereji huohuo wa sodiamu, kwa hiyo mbu mwenye kdr huwa sugu kwa DDT hata kama hajawahi kuionja. La pili ni kwamba usugu huu kwa kiasi kikubwa unahitaji nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mbu mwenye nakala moja bado anakufa kwa kiwango kikubwa. Ndiyo maana kuambiwa tu kwamba "kdr imepatikana" katika eneo fulani hakutoshi. Uliza ni wangapi wanayo, na ni wangapi kati yao wana nakala mbili.

Vimeng'enya: sumu inavunjwa njiani

Hapa mfereji wa sodiamu ni mzima kabisa. Ila kabla dawa haijaufikia kwa wingi wa kutosha, mwili wa mbu umeshaikatakata. Kazi hiyo inafanywa na makundi matatu ya vimeng'enya, na kila kundi lina sumu inayoipenda. P450 huongeza oksijeni kwenye pairethroidi mpaka inakuwa kitu kisicho na nguvu ambacho mbu anaweza kukitoa mwilini. Esterasi hukata kifungo cha esta, na sifa yake kubwa ni kwa ogano-fosfati na kabamati, ingawa na pairethroidi nyingine hazisalimiki. GST ni mabingwa wa DDT: huichomoa klorini na kuigeuza DDE.

Mbu wa kawaida anavyo vimeng'enya hivi vyote. Kundi la Anopheles gambiae lina jeni za P450 zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa na shughuli zake ambazo hazihusiani na dawa yetu. Usugu unakuja pale chache kati yake, kama CYP6P3 na CYP6M2, zinapoanza kutengeneza kimeng'enya kwa wingi kupita kawaida. Kwa hiyo usugu huu ni suala la kiasi, na kiasi hicho hupanda na kushuka. Mbu mzee huwa navyo pungufu kuliko mbu kijana, na hata joto la chumba cha kupimia hubadilisha matokeo.

Kwenye bomba la majaribio, mbu wa aina hii mara nyingi anaanguka kama wenzake. Saa moja ikiisha ukamhamishia kwenye bomba safi na pamba yenye maji ya sukari, kesho yake asubuhi unamkuta amesimama ukutani. Alikuwa analewa tu, vimeng'enya vikaendelea na kazi usiku kucha. Nikiona wengi walioanguka wameamka, nashuku vimeng'enya. Nikiona hawaanguki kabisa, nashuku kdr. Ni dalili ya macho, haitoshi kuandikia ripoti.

| | Kdr | Vimeng'enya vya P450 |
|---|---|---|
| Ndani ya saa moja | Wachache wanaanguka | Wengi wanaanguka, kisha wanaamka |
| Permethrini baada ya PBO, kemikali inayozima P450 | Vifo havibadiliki sana | Vifo vinapanda sana |
| DDT | Nayo inashindwa | Kwa kawaida bado inaua |
| Sampuli | Mguu mmoja mkavu unatosha | Mbu hai, au sampuli iliyogandishwa |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaowapoteza watu wengi. Kdr inapimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachosoma jeni, na mbu aliyekufa mwezi uliopita, akahifadhiwa kwenye kichupa chenye silika, anafaa. Vimeng'enya havina wepesi huo. Kuna alama za jeni zinazosomeka kwa PCR ya kawaida, kama CYP6P9a, lakini hiyo ni ya Anopheles funestus. Kwa arabiensis wa Moshi unahitaji mbu hai, au friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyokatikiwa umeme. Matokeo yake, kinachopimwa sana ni kile kilicho rahisi kupima. Ripoti inasema kdr haikuonekana, msomaji anaelewa kwamba usugu haupo.

Lower Moshi penyewe, yaani ukanda huu wa mpunga kusini mwa mji, pametoa funzo hilo. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa kwamba L1014F imeonekana kwa arabiensis wa eneo hili, kwa kiwango kidogo sana. Mtu angeweza kumaliza hadithi hapo. Lakini kazi zilizofuata, zilizochapishwa 2010 na 2014 na timu ya Johnson Matowo wa Moshi, zilikuta usugu wa permethrini upo wazi, kdr haionekani, na vimeng'enya ndivyo vilivyopanda.

Jaribio la kuanza nalo

Ukiwa na fedha ya jaribio moja tu, usianze na PCR ya kdr. Anza na mabomba ya Shirika la Afya Duniani pamoja na karatasi za PBO. PBO ni kemikali ambayo yenyewe haiui mbu. Kazi yake ni kuzizima P450, na esterasi baadhi. Ukimpa mbu PBO kwanza kisha ukampa permethrini, na sasa akafa, umemshika mwizi.

Chukua viluwiluwi kutoka majaruba kadhaa, si jaruba moja, la sivyo utapima watoto wa mama mmoja. Walee mpaka wawe mbu wazima, utumie majike ya siku 3 hadi 5 ambayo hayajanywa damu. Kuwakamata wakubwa ndani ya nyumba ni rahisi zaidi, lakini hujui umri wao, na nimeshasema mbu mzee anadanganya. Kila bomba weka 20 hadi 25, mabomba manne kwa kila dawa, na mawili yenye karatasi isiyo na dawa. Saa moja kwenye karatasi, kisha hesabu vifo baada ya saa 24.

Tuseme umepata haya, namba ni za mfano. Kwenye permethrini ya asilimia 0.75 wamekufa 58 kati ya 100. Waliopitia PBO ya asilimia 4 kwa saa moja kabla ya permethrini wamekufa 96. PBO peke yake imeua mmoja kati ya 50, na karatasi tupu wawili kati ya 50. DDT ya asilimia 4 imeua 99.

Soma hivi. Karatasi tupu imeua asilimia 4, iko chini ya 5, kwa hiyo hakuna marekebisho ya kufanya. Ingepita 20 ungetupa jaribio zima. PBO haikuua yenyewe, vizuri. Vifo 58 viko chini ya 90, huo ni usugu uliothibitika. PBO imevipandisha mpaka 96, kwa hiyo sehemu kubwa ya usugu ni P450. Haikufika 98, maana yake kuna kitu kingine kidogo kimebaki, pengine GST, pengine ngozi. Na DDT kuua 99 kunakwambia kwamba kama kdr ipo, bado haina nguvu.

Sasa geuza: permethrini 58, baada ya PBO 61, DDT 40. Ongezeko la 3 ni kelele tu. Chini ya 10 usilihesabu. Hapo kdr ndiyo mshukiwa mkuu, na sasa ndipo inafaa kulipia PCR, kwa sababu GST nazo zinaweza kuangusha DDT na PBO haizigusi. Miguu ya mbu walionusurika na ya waliokufa ipelekwe, ya pande zote mbili. Kama kdr imejaa kwa walionusurika na ni adimu kwa waliokufa, umepata jibu. Kama imegawanyika sawasawa pande zote, tafuta sababu nyingine.

Kinachoharibu jaribio hili mara nyingi ni vitu vya kawaida. Karatasi iliyopitwa na muda inazalisha "usugu" ambao haupo. Dawa yake ni kuijaribu kwanza kwa mbu dhaifu wa maabara, kama wale wa Kisumu, ambao lazima wafe. Na boksi la mbu lililoachwa ndani ya gari juani likitoka Mabogini linazalisha vifo ambavyo dawa haihusiki navyo.

Neti ipi kwa usugu upi

Neti ya pairethroidi peke yake, niiweke kando haraka: kwa mbu wenye vifo 58 inabaki kuwa kizuizi, na hilo si haba ikiwa nzima, lakini kazi ya kuua imepungua.

Neti yenye PBO, kama Olyset Plus, imebuniwa kwa usugu wa P450. Mfano wetu wa kwanza unaielekea moja kwa moja. Jaribio kubwa la Muleba, Kagera, lililochapishwa 2018, lilionyesha kwamba watoto wa vijiji vyenye neti hizi walikuwa na malaria pungufu kuliko wa neti za kawaida. Matatizo yake ni mawili. PBO hupungua kwenye nyuzi kwa kufuliwa na kwa muda kabla neti yenyewe haijachakaa, na kwa mbu wa mfano wa pili, wale wa kdr, hakuna cha kuzima. Unalipa zaidi upate ileile permethrini.

Neti yenye klofenapiri pamoja na alfa-sipamethrini, kama Interceptor G2, ni habari tofauti. Klofenapiri haigusi neva. Inakwenda kwenye mitokondria, pale seli inapotengenezea nguvu, na kuvuruga kazi hiyo mpaka mbu anaishiwa. Kwa hiyo kdr haina la kuifanya. Na jambo ninalolipenda zaidi katika somo hili lote: klofenapiri kama ilivyo kwenye neti bado si sumu kali. Inageuzwa kuwa sumu kali ndani ya mwili wa mbu, na vinavyoigeuza ni P450. Silaha iliyomwokoa mbu na permethrini ndiyo inayommaliza hapa.

Misungwi, Mwanza, aina hizi zililinganishwa kwa pamoja, na matokeo yakatoka 2022. Baada ya miezi 24, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 45.8 kwenye neti za kawaida, 40.7 kwenye neti za PBO, na 25.6 kwenye neti za klofenapiri. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza hizi za mwisho.

Kwa hiyo uchaguzi wangu: kdr imetawala na PBO haipandishi vifo, usinunue neti ya PBO. P450 zimetawala na klofenapiri inapatikana, chukua klofenapiri. P450 zimetawala na klofenapiri haipo au bei imeshinda, PBO ni nafuu ya kweli, lakini panga kuibadilisha mapema. Na usizichanganye kwa kudhani mbili ni bora kuliko moja, maana PBO huzima vimeng'enya vilevile ambavyo klofenapiri inavihitaji, na maabara zimeona ikiipunguza makali.

Ukiamua kujaribu klofenapiri kwa mbu wako, usitumie utaratibu wa karatasi na saa 24. Utapata vifo vichache na utaikataa bure. Inapimwa kwenye chupa iliyopakwa mikrogramu 100, mbu wakae humo saa moja, kisha wasubiriwe saa 72, na chumba kisiwe na baridi, kwa kuwa mbu aliyepoa hageuzi dawa. Arusha mwezi wa Julai, bila hita, hilo si jambo dogo.

Hata majumbani kuna la kueleza. Klofenapiri haiangushi mbu papo hapo, kwa hiyo watu hawaoni mizoga chini ya neti. Mama mmoja wa Mabogini aliniuliza, "Mwanangu, hii neti yenu mpya mbona mbu anatua na kuruka zake?" Nikamwambia, "Anaruka, mama, lakini hafiki mbali. Mpe siku mbili." Hakuridhika sana. Tena wengi wa mbu wanaopiga kelele masikioni usiku, hasa mjini, ni Culex wa vyoo na mitaro, ambaye ana usugu wake mwenyewe na malaria haibebi. Neti ikimshindwa yeye haimaanishi imemshindwa Anopheles.

Dawa za kopo za dukani zinaingia kwenye hesabu hiihii. Geuza kopo usome maandishi madogo: nyingi ni pairethroidi, na baadhi zimeongezwa PBO. Kwa mbu wa P450, kopo lenye PBO ndilo lenye maana.

Limebaki jambo linalonisumbua kuhusu Lower Moshi. Kati ya P450 zilizokutwa zimepanda kwa arabiensis wa hapa imo CYP4G16, na hiyo inajulikana zaidi kwa kutengeneza mafuta ya ngozi ya nje ya mbu. Inawezekana sehemu ya usugu wetu inatoka kwenye ngozi inayochelewesha dawa kuingia, wala si kwenye dawa kuvunjwa. Kama ni hivyo, kimeng'enya hicho hakitaigeuza klofenapiri kuwa sumu, na PBO itakayomkuta mbu siku moja haiwezi kuiondoa ngozi iliyokwisha kujengwa. Wale wanne kati ya 100 waliobaki hai baada ya PBO kwenye mfano wetu ndio ningewahifadhi kwenye baridi kwanza, kabla ya wengine wote.